Sita na tisa zinapogongana kwenye simu

"Nikitaja namba kwa simu penye kelele, aliye upande wa pili anaandika kitu kingine kabisa. Narudia hadi koo linakauka. Wenzangu mnafanyaje?"

Mkuu, kurudia kwa sauti kubwa hakusaidii, na sababu yake iko kwenye maneno yenyewe. Nimepokea oda za ghalani kwa simu miaka kadhaa, wanaopiga wako kando ya injini zinazonguruma, na hili nililijua baada ya kuumbuka.

Mwenzetu mmoja aliagiza katoni sitini. Mimi nikasikia tisini. Kwa kuwa nilifundishwa kurudia nilichosikia, nikamrudishia: "Tisini, sivyo?" Akajibu, "Ndiyo, ndiyo!" Gari likaondoka na katoni thelathini za ziada. Hakuna aliyedanganya. Yeye alisikia "sitini" kwenye kinywa changu kama mimi nilivyosikia "tisini" kwenye chake.

Simu ya kawaida hupitisha takriban mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya sauti ya "s" iko juu ya hapo. Ndiyo maana kwenye simu "s" na "f" hufanana. "T" nayo ni mpasuko mfupi tu, kelele kidogo inaufunika. Kinachobaki ni irabu. Sasa zitaje namba zetu kwa irabu peke yake: sita ni i-a, tisa ni i-a. Sitini na tisini, zote i-i-i. Thelathini na themanini, zote e-a-i-i! Tatu na tano zinatofautiana mwishoni tu, na nane ikimezwa mwanzo inabaki nne. Saba, moja na mbili sijawahi kuzigombania.

Kwa hiyo usimrudishie mtu neno lile lile alilotamka, maana litaharibika njia ile ile. Uliza kwa njia nyingine: "Iko kabla ya saba au baada ya nane?" Mwenye sita atasema kabla, mwenye tisa atasema baada, na maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Ukiwa wewe ndiye unayetaja, hesabu kufikia hapo: "tatu, nne, tano, sita. Sita." Kwa makumi pia ni hivyo: "sitini, ile inayofuata hamsini".

Tuseme namba ya simu inaishia na 696 628. Itaje tatu tatu, ukinyamaza kidogo katikati, na usiende mbele kabla hajakurudishia kundi la kwanza. Hapo 696 ndiyo yenye hatari, hivyo ongeza: "ya katikati iko baada ya nane, za pembeni ziko kabla ya saba". Kundi la pili lina mtego mwingine. Ukisema "sita mbili, nane", mmoja ataandika 628 na mwingine 668, kwa sababu wengi wetu tunasema "sita mbili" tukimaanisha sita mara mbili. "Sifuri tatu" ndiyo balaa zaidi: ni 03 au 000? Mimi nataja kila tarakimu peke yake hata zikifuatana nne, na mwisho naomba aniambie ameandika ngapi kwa jumla. Ila idadi itakuonyesha iliyoruka au kuongezeka tu. Sita iliyogeuka tisa itapita kimya.

Kwenye fedha na idadi kubwa, neno "elfu" linahitaji uangalizi. "Elfu sitini na tano" kuna anayeandika 65,000 na kuna anayeandika 60,005, na wote wana hoja. Itaje kwa maneno, halafu tarakimu moja moja: sita, tano, sifuri, sifuri, sifuri.

Majina nayo ni irabu zile zile. Wengi tunataja herufi "bi, di, ji, pi, ti, vi", zote zinaishia na "i", kisha tunashangaa. Tumia maneno, lakini yachague. "B ya baba, P ya papa" ni kazi bure, kwani irabu ni zile zile. Mimi nasema B ya bega, D ya duka, P ya pikipiki, T ya taa. M ya moto na N ya nyumba zinatosha kuzitenganisha hizo mbili. L na R zinawasumbua hata wasio na kelele, kwa hiyo L ya limau, R ya redio: hata anayetamka "ledio" atajua unamaanisha ipi. C ndiyo imenishinda kupata neno zuri la Kiswahili, maana yetu yote huanza na "ch". Natumia Cosmas.

Ukiona mmefika mara ya tatu na kundi lile lile bado halikai, kata simu umtumie ujumbe wa maandishi.