Piritoni, usingizi na mkojo uliogoma

Naendesha bodaboda Mikindani. Mikorosho ikichanua napiga chafya mfululizo. Nameza piritoni usiku, kesho yake bado nasinzia barabarani. Kwa nini?

Histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho, ina milango kadhaa; wa chafya ni kipokezi H1, na mlango huo upo puani na ubongoni pia. Puani, ikiugusa, pua inawasha na makamasi yanachuruzika. Ubongoni, ikiugusa, inakuweka macho. Piritoni, ambayo kitaalamu ni klorofeniramini, huyeyuka vizuri kwenye mafuta, hivyo hupenya hadi ubongoni na kuziba H1 za huko pia. Tena haina haraka ya kutoka: ukimeza saa tatu usiku, kesho saa kumi na moja jioni karibu nusu yake bado imo mwilini, na wewe umeshabeba abiria kutwa nzima.

Loratadini na feksofenadini, dawa mpya zaidi za aleji, huziba H1 ileile, ila kwenye kuta za mishipa ya ubongo kuna protini inayozisukuma zirudi kwenye damu. Setirizini ni ya kundi hilo, lakini wapo inaowasinzisha. Ijaribu siku ambayo pikipiki imelala nyumbani.

Babu ana tezi dume. Alimeza piritoni tatu kwa siku kwa ajili ya upele, usiku mkojo ukagoma kabisa na tumbo la chini likajaa. Vinahusiana?

Vinahusiana, na mkojo ukigoma hivyo mzee apelekwe hospitali usiku huohuo akawekewe mpira. Hapa histamini haina kosa. Dawa za zamani kama piritoni hazichagui: huziba pia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayoamrisha kibofu kijikamue. Njia ya babu ilishabanwa na tezi, na kibofu kilikuwa kikisukuma kwa nguvu ili mkojo upite. Piritoni ikakipokonya nguvu hizo.

Mara nyingi kuna dalili za kutangulia: mdomo unakauka hadi ugali haushuki bila maji, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu. Mzee anaweza hata kuanza kuchanganya maneno, watu wakadhani ni umri. Kwa upele wake, muulizeni daktari kuhusu loratadini miligramu 10 mara moja kwa siku. Na someni pakiti za dawa mchanganyiko za mafua, maana nyingi zimebeba klorofeniramini ndani.

Famotidini ya tumbo nayo eti inazuia histamini. Itanifaa kwa chafya?

Hapana. Hiyo huziba H2, inayoamrisha tumbo litoe asidi. Chafya ni kazi ya H1.

Nilibangua korosho kienyeji, mikono ikatoka malengelenge. Setirizini haijasaidia kitu.

Wala haitasaidia sana. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na aleji yake huletwa na seli za kinga zenyewe, siyo histamini, ndiyo maana mara nyingi huibuka baada ya siku moja au mbili. Acha kubangua hadi ngozi ipone, kisha daktari aone kama unahitaji krimu ya steroidi.