Dari si paa: kwa ripota anayetumwa ukumbini kwa mara ya kwanza

Taarifa yangu ya kwanza ya ukumbi kuporomoka ilikuwa sentensi moja yenye makosa matatu. Niliisoma redioni saa kumi na moja jioni: "Watu 300 walikuwa ndani ya ukumbi wa mtaa paa lilipoanguka na kujeruhi 40." Paa halikuanguka. Watu 300 hawakuwamo. Majeruhi hawakufika 40. Nilichopatia ni ukumbi tu.

Kosa la paa ndilo lililoniaibisha zaidi, kwa sababu lilikuwa la macho. Katika kumbi zetu nyingi mabati hukaa juu ya kenchi, na chini ya kenchi hupigwa mbao nyembamba ambazo silingi bodi au jipsamu hupigiliwa. Mabati na kenchi ni paa. Bodi na mbao zake ni dari. Siku ile ningerudi hatua ishirini barabarani nikatazama juu, ningeona mabati yamelala vilevile na mgongo wa paa umenyooka kama rula. Kilichowaangukia watu ni dari. Mimi nilimsikia mama mmoja akilia "paa limetuangukia", nikaandika alichosema kana kwamba nimekiona. Mama hakuwa na kosa. Aliyeangukiwa hana muda wa kutofautisha kenchi na bodi, hiyo ni kazi yako.

Tofauti hii haihusu maneno tu. Dari ikianguka, maswali yanaelekea kwenye misumari, unyevu, mchwa na nani aliipigilia. Paa likianguka, unaingia kwenye kenchi, kuta na michoro, na hata zimamoto wanaingia ndani kwa namna nyingine. Na wewe usiingie kabisa. Kipande kilichobaki juu hakijamaliza kuanguka kwa sababu tu chenzake kimeshaanguka.

Sasa mahudhurio. Zile 300 nilizipata kwa kijana aliyekodisha viti, na kwa kweli alileta viti 300. Kiti si mtu. Kesho yake katibu wa kikundi, maana kilikuwa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, alinionyesha daftari la mahudhurio lenye saini 164. Hata hiyo si idadi ya waliokuwamo. Daftari halina watoto waliokuja na mama zao, halina waliokuwa wanapika uani wala kijana wa muziki, na lina waliosaini asubuhi wakaondoka kabla ya chakula. Kwa hiyo niliandika hivi: "Daftari la kikundi lina saini 164, katibu anasema watoto na wahudumu hawakusaini." Msikilizaji anaijua idadi, anajua imetoka wapi na imekosa nini. Ukilazimika kukadiria, hesabu safu za viti na viti kwa kila safu, kisha uliza watu watatu waliokaa sehemu tofauti safu zipi zilikuwa tupu. Aliyekaa mbele hajui nyuma kulikuwaje.

Majeruhi ndio waliniumiza kichwa. Zahanati ya kata iliniambia imepokea 19. Hospitali ya wilaya ikasema 14. Jumla ni 33, na mtu wa tatu akaniongezea "na wengine wamekwenda kwao", ndipo nikapanda hadi 40. Kumbe tisa kati ya wale 14 wa hospitali walikuwa wametoka zahanati kwa rufaa, nimewahesabu mara mbili. Ondoa tisa kwenye 33, wanabaki 24. Kwa hiyo swali la kumuuliza mganga mfawidhi si "mmepokea wangapi?" peke yake. Ongeza: "Wangapi wametoka kituo kingine, wangapi mmewapeleka kwingine, na hiyo ni hesabu ya saa ngapi?" Majina usiombe, huyahitaji, na ndugu hawastahili kuyasikia redioni kwanza.

Hesabu hizi huyumba hata kwa wenye mitambo. Tarehe 19 Desemba 2013 dari ya ukumbi wa maonyesho wa Apollo, London, ilidondoka katikati ya mchezo wa kuigiza, watazamaji zaidi ya 700 wakiwamo ndani. Usiku ule zilitajwa idadi zilizopita 80. Iliyokuja kutulia ni majeruhi 76, na hakuna aliyefariki. Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, Aprili 2025, paa la ukumbi wa starehe wa Jet Set liliporomoka, na hesabu ya vifo ilianzia kwenye makumi ikapita 200 siku zilizofuata. Moja ilishuka, nyingine ilipanda. Ndiyo maana saa iandikwe kando ya kila idadi.

Kuna jambo moja nililijua kwa bahati tu. Nilimuuliza mganga majeraha yalikuwa ya namna gani, kwa ujumla. Akasema kumi na mmoja walikuwa na majeraha ya kichwa na mabega, lakini 13 waliumia vifundo vya miguu, mbavu na mikono. Dari haivunji kifundo cha mguu cha mtu aliyekaa. Wale waliumia mlangoni. Nikarudi ukumbini: milango miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli kwa sababu ya wezi wa viti, na uliokuwa wazi unafunguka kuelekea ndani. Zaidi ya nusu ya majeruhi hawakuguswa na bodi hata moja. Hiyo ikawa habari yangu ya siku ya pili, nzito kuliko ya kwanza.

Historia ya jengo usiianzie ofisini. Ianzie ukutani. Ukumbi ule ulikuwa na jiwe la msingi lenye tarehe, kama kumbi nyingi za mitaa, na ripota mwenzangu aliandika umri wa jengo kwa tarehe hiyo. Jiwe linasema siku ya jiwe. Ukuta unaweza kumalizika miaka mitano baadaye, paa likaezekwa upya, na dari ikaja mwisho kabisa wakati anasubiriwa mgeni rasmi. Mimi huuliza swali moja kwa mwenyekiti, kwa mlinzi na kwa fundi wa jirani: "Nani alipanda juu kwa mara ya mwisho, na alipandia nini?" Mlinzi ndiye aliyenijibu. Bodi tatu zilikuwa zimewahi kudondoka usiku, zikapigiliwa nyingine palepale. Jet Set nako mwenye ukumbi alikiri kwenye televisheni kwamba bodi za dari zilikuwa zikianguka na kubadilishwa mara kwa mara. Bodi mpya inaficha kile kilichoiangusha ya zamani.

Piga picha mbao zilizovunjika kabla kifusi hakijazolewa. Mpasuko mweupe ni wa leo. Mweusi wenye unga ni wa siku nyingi. Lakini andika ulichokiona, usiandike chanzo. Apollo, mvua kubwa ilikuwa imenyesha jioni ileile na wengi wakaishuku. Uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba vitambaa vya katani vilivyoshikilia plasta, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1901, vilikuwa vimechakaa. Kwa mhandisi wa halmashauri uliza kama kenchi zimekaguliwa, na nani atasaini ripoti.

Nilisoma masahihisho kesho yake saa ileile ya kumi na moja. Miezi minne baadaye nilirudi. Dari mpya ilikuwa inang'aa, na mlango wa pili una komeo badala ya kufuli. Nilimuuliza fundi kama alibadilisha na mbao za juu. Akacheka, akasema hela ilitosha bodi.