Majani "yalikaushwa" au "yalikauka"? Sentensi moja, sura mbili

Nilipoandika tasnifu yangu kuhusu vitamini C kwenye majani ya mboga, msimamizi alinirudishia sura ya mbinu imejaa wino mwekundu karibu kila mstari, na kilichonishangaza ni kwamba hakugusa namba hata moja. Alizungushia vitenzi tu. Pembeni kaandika, "Hii kazi umeshaifanya au bado?" Kuangalia vizuri, nikaona mwenyewe: "Majani yatakaushwa juani kwa siku 3." Nilikuwa nimekopi pendekezo langu la utafiti zima zima nikalipesti kwenye tasnifu, na kwenye pendekezo kila kitu ni -ta- maana bado hujaanza hata kuchuma hayo majani.

Hilo kulirekebisha ni rahisi, fungua faili, bonyeza Ctrl+F, tafuta "yata", "zita", "tuta", halafu pita moja moja kwa jicho. Usitafute "ita" peke yake kama mada yako ni kama yangu, kila neno vitamini litakurukia na utachoka kabla ya ukurasa wa 3.

Shida yenyewe ilianza nilipoyatoa hayo -ta-. Niliandika hivi: "Tulikausha majani juani kwa siku 3, tukayasaga, tukapima vitamini C." Kiswahili safi kabisa hicho, ila ni Kiswahili cha kusimulia. Hiyo -ka- inamwambia msomaji subiri, kuna kitu kinakuja mbele, na kwenye mbinu hakuna kinachokuja, mtu anasoma ili kesho arudie ulichofanya. Na kila sentensi inaanza na sisi, wakati msomaji hatuulizii sisi, anaulizia majani. Kwa hiyo majani yanakuja mbele na kitenzi kinachukua -w-: "Majani yalikaushwa juani kwa siku 3, kwa muda wa saa 6 kila siku, yakigeuzwa kila baada ya saa 2." Ona hiyo -ki- kwenye yakigeuzwa, inabeba kazi iliyokuwa ikiendelea humo humo ndani ya kukausha. Ukiandika "yakageuzwa" msomaji ataelewa yaligeuzwa baada ya zile siku 3 kuisha, na hilo ni jaribio jingine kabisa.

Na usije ukaweka hu- hapo. "Majani hukaushwa juani" ni desturi, ni vile watu wanavyofanya siku zote, haisemi wewe ulifanya nini na lini.

Sasa kuna kitu ambacho vitabu vya kufundisha uandishi wa tasnifu, vingi vikiwa vinafuata Kiingereza, havikuambii, kwamba sisi kitenzi kisichomtaja mtendaji tunacho cha aina zaidi ya moja. Kuna kutendwa, -w-, na kuna kutendeka, -k-. Chupa ilivunjwa, kuna mtu kaivunja. Chupa ilivunjika, imetokea tu. Kuna na vitenzi kama kukauka ambavyo tangu mwanzo kitu chenyewe ndicho kinachotenda. Kwenye mbinu tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. "Majani yalikauka kwa siku 3" inanipa matokeo, kwamba yalichukua siku 3 mpaka yakawa makavu. "Majani yalikaushwa kwa siku 3" ni uamuzi wako wewe, ulipanga siku 3 na zilipotimia ukayatoa, yawe makavu yasiwe makavu. Hayo ni maelekezo mawili tofauti kwa mtu anayetaka kurudia.

Mimi hili lilinipata vibaya siku ya kutetea. Sampuli 2 zilimwagika, mkono uligonga birika basi, na kwenye sura ya mbinu, kwa ule ugonjwa wa kutia -w- kila mahali, nikaandika "sampuli 2 zilimwagwa." Mtahini akauliza kwa utulivu kabisa, kwa nini mlizimwaga? Zilikuwa na majibu msiyoyapenda? Nilikaa kimya sekunde kadhaa nikitafuta anachosema. Herufi moja tu imenifanya nionekane nimetupa data makusudi.

Wala si kila kitenzi kwenye mbinu kinataka -w-. Tulipima kwa iodini na wanga, nikaandika: "Iodini ilidondoshwa hadi rangi ya bluu iliyoiva ilipotokea na kudumu." Kudondosha ni kazi ya mkono, kwa hiyo ilidondoshwa. Rangi haikutokezwa na mtu, imetokea, iache itokee. Kipimo changu ndicho hicho, kama kuna mkono, tia -w-, kama kitu kimejiendea chenyewe usikilazimishie mtendaji.

Tuje kwenye mjadala. Pale nilifanya kosa la upande wa pili, nilibeba ile sauti ya mbinu nikaingia nayo: "Majani yalikaushwa juani na upungufu wa vitamini C ulionekana." Msimamizi akaandika neno moja, "Kwa hiyo?" Kwenye mjadala majani hayaulizwi tena yalifanywa nini, yanaulizwa yanatuambia nini. Tendo la kukausha linashuka linakuwa maelezo ya jina, na njeo zinagawana kazi:

"Majani yaliyokaushwa juani yalipoteza vitamini C nyingi kuliko yaliyokaushwa kivulini. Tofauti hii inaashiria kwamba mwanga na joto vilichangia, kwani vitamini C huvunjika inapokutana na joto, mwanga na hewa."

Angalia zilivyopangana. Yalipoteza, -li-, maana ni majani yangu, yale yale, siku zile zile, sina mamlaka ya kusemea majani yote duniani. Inaashiria, -na-, maana tafsiri bado ipo hai, unaisoma leo nayo inaashiria leo. Vilichangia inarudi kwenye -li- kwa sababu nasemea jaribio langu. Huvunjika, hu- ile niliyoifukuza kwenye mbinu, hapa ndiyo kwake, ni tabia ya vitamini C inayojulikana siku zote, na -k- yake imekaa sawa kwa sababu hakuna anayeivunja. Ningeandika "majani ya juani yanapoteza vitamini C" ningekuwa nimeshatangaza sheria kwa majani ya aina moja niliyopima mimi. Kazi za wengine nilizipa -me-, "tafiti nyingine zimeonyesha", msomaji anajua yamekwisha patikana na bado yanasimama.

Na hapa kwenye mjadala ndipo sisi tunarudi. Nilikuwa na sentensi "inadhaniwa kuwa unyevu wa asubuhi ulichangia," nikiona imekaa kisomi. Inadhaniwa na nani? Kama ni wengine wataje, kama ni wewe sema "tunadhani" ubebe mzigo wako. Kwenye mbinu kumficha mtendaji hakuna ubaya, yeyote angegeuza yale majani kila baada ya saa 2 ingekuwa sawa, lakini wazo lina mwenyewe. Majarida mengine siku hizi yanataka "sisi" hata kwenye mbinu, Nature wanasema wazi wanapendelea kauli ya kutenda, kwa hiyo soma kwanza maelekezo ya unakopeleka. Wakitaka "tulikausha" waandikie tulikausha, ila ile -ka- ya hadithi iache nje, na sampuli zilizomwagika zibaki zilimwagika.