Kitabu cha kwanza cha kisukari kilinipoteza

Niliambiwa nina kisukari aina ya pili nikiwa na miaka 46, na siku hiyohiyo nilipotoka kliniki nilipita kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam. Nilikuwa nataka kitu cha kusoma usiku ule. Nikanunua kitabu kinene chenye picha za rangi kwa shilingi elfu saba, ambayo kwangu mimi mshona nguo ni hela ya mboga ya siku mbili. Kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya watu wa Marekani.

Suala la chakula nililiona mapema: shayiri za kukoboa, samaki wasiofika soko la Tandika, matunda ambayo sijawahi kuyaonja. Hilo halikunidhuru. Kilichonidhuru ni namba. Kitabu kilisema sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 80 na 130. Mashine yangu ikasoma 9.4. Nikajua mashine mbovu. Nikaiweka kabatini wiki mbili nzima bila kupima, huku nikila kama zamani.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifungua macho. Wamarekani wanapima kwa miligramu kwa desilita, mashine nyingi zinazouzwa huku kwetu zinapima kwa milimoli kwa lita. Kubadili, unazidisha namba ya mashine yako kwa 18. Ile 9.4 yangu ilikuwa karibu 169, yaani ilikuwa juu wakati mimi naidhani ni ya chini kupita kiasi. Kwa vipimo vya huku, lengo lile la asubuhi ni kama 4.4 hadi 7.2. Kwa hiyo ukishika kitabu chochote cha kisukari, kabla hujalipa, tafuta ukurasa wenye viwango vya sukari. Kama namba ziko kwenye makumi na mamia, ujue ni kipimo cha kule, na uandike pembeni kwa kalamu tafsiri yake.

Kitabu kilichonisaidia hakikuandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari hata kidogo. Ni jedwali la virutubisho vya vyakula vyetu, lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Ukiandika Tanzania Food Composition Tables kwenye simu unalipata bure. Wakenya nao wana lao la mwaka 2018, na limeambatana na kitabu cha mapishi ya kwao. Yote ni ya Kiingereza, lakini kazi yako humo ni kutafuta jina la chakula na kusoma namba moja, ya wanga. Mimi nilimwomba binti yangu anionyeshe safu ya wanga, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Usichapishe kitabu kizima. Nenda stesheneri na kurasa za nafaka, mizizi, kunde na vyakula vilivyopikwa, basi.

Hapa kuna mtego, na mimi niliuingia. Namba zote ni kwa gramu 100, lakini gramu 100 za chakula kibichi si sawa na gramu 100 za kilichopikwa. Mchele mkavu una wanga kama gramu 80, wali una kama 28. Nilipoona hivyo nilifurahi nikidhani kuchemsha kunaondoa wanga. Hakuondoi kitu. Ni maji yameingia, chakula kimeongezeka uzito, wanga ni uleule umesambaa. Nikaamua kupima vikavu tu kabla ya kupika, maana kilo ya unga naijua kwa sababu nainunua, lakini bonge la ugali siwezi kulipima.

Nikafanya hesabu ya nyumbani kwangu. Tulikuwa tunasonga unga wa sembe nusu kilo kwa watu wazima watatu. Gramu 100 za unga zina wanga kama gramu 75, kwa hiyo nusu kilo ni 375, na kila mmoja wetu anaondoka na 125 kwa mlo mmoja. Jioni hiyo nilipima kabla ya kula, 7.8. Saa mbili baada ya kuanza kula, 14.1. Sijawahi kuambiwa jambo na daktari likaniingia kama ile namba ilivyoniingia.

Jumapili iliyofuata mke wangu akasonga robo kilo kwa watu walewale watatu. Wanga ukashuka hadi kama 62 kwa mtu. Ile nafasi iliyobaki kwenye sahani tukaijaza mchicha, mpaka ukawa nusu ya sahani, na dagaa waliokaangwa kwa mafuta kidogo na nyanya. Kabla ya kula 7.5, baada ya saa mbili 9.9. Hatukuongeza hata mia. Hela ya unga uliopungua ndiyo iliyonunua fungu la pili la mchicha.

Nilijaribu pia dona, kwa sababu kila mtu ananiambia dona ni dawa. Jedwali linaonyesha wanga wake uko karibu sawa na wa sembe, kinachozidi ni makapimlo na virutubisho vingine. Nakula dona na naipenda, ila kipande ni kilekile kidogo. Mwenzangu mmoja wa kliniki alihamia dona akaongeza bonge, akashangaa sukari haishuki.

Stripu za kupimia sukari ni ghali, hilo nalijua vizuri. Ndiyo maana sipimi ovyo. Nachagua chakula kimoja kwa wiki, natumia stripu mbili, moja kabla na moja baada ya saa mbili, naandika kwenye daftari pamoja na kipimo cha unga au mchele. Wiki ya uji, wiki ya viazi vitamu, wiki ya wali na maharage. Baada ya miezi mitatu una kitabu chako mwenyewe, kimeandikwa na mwili wako.

Lakini kuna jambo lazima ulitangulize, na kitabu kisicholisema usikinunue. Kama unatumia vidonge vya glibenklamaidi au unachoma insulini, usikate ugali nusu kwa siku moja kabla hujamwambia daktari wako. Dawa ilipangwa kwa chakula ulichokuwa unakula. Chakula kikipungua na dawa ikabaki palepale, sukari inaporomoka. Mimi nilikuwa kwenye glibenklamaidi, na siku ya nne ya robo kilo, saa tano asubuhi nikiwa kwenye cherehani, mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka mgongoni, uzi ukanishinda kupenyeza kwenye sindano. Mashine ikasoma 3.2. Chini ya 4 ni hatari. Nilikoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nikanywa, nikasubiri dakika 15, nikapima tena, 4.9, kisha nikala.

Kesho yake nikaenda kliniki na daftari. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akapunguza vidonge kutoka viwili hadi kimoja. Akaniambia nimletee daftari hilo kila nikija.