Kwa Nini Uzi wa Tatu Hushuka Shoo Ikipamba Moto?

"Mwalimu, gitaa langu la umeme nalityuni nyuma ya jukwaa, linatulia kabisa. Tukifika wimbo wa tatu, uzi wa tatu umeshashuka. Nyingine haziteremki hivyo. Nimebadilisha funguo, bado." – Msomaji, Kasese

Ndugu yangu, funguo umezionea. Uzi huo wa tatu, ukiwa wa chuma kitupu usiozungushiwa waya, ndio unaoyumba kuliko zote katika gitaa la umeme, na sababu imo kwenye uzi wenyewe.

Chukua gitaa la kawaida ambalo nyuzi zake zina urefu wa takriban sentimita 65 kutoka daraja hadi pale shingo inapokutana na kichwa. Ili uzi wa kwanza ufikie E yake, chuma chake hunyooka kwa takriban milimita 4.6. Uzi wa tatu hufikia G ukiwa umenyooka milimita 1.6 tu. Sasa kila mmoja ulegee sehemu ya kumi ya milimita. Uzi wa kwanza utashuka takriban senti 19, na nusu toni nzima ni senti 100, yaani chini ya robo yake. Uzi wa tatu utashuka zaidi ya senti 50, na hapo hata anayecheza densi uwanjani anageuza shingo. Kulegea ni kule kule, ila mwenye akiba ndogo ndiye anayeumia.

Ulegevu huo watoka wapi? Kwanza, joto. Nyuma ya jukwaa kuna upepo wa jioni. Mbele kuna taa, na mkono wako wenyewe una joto. Chuma kikipata joto hurefuka. Nyuzi zikipanda nyuzijoto 10 wakati mbao bado haijashika joto, kwa hesabu uzi wa kwanza hushuka kama senti 15, na wa tatu kama 40. Ndiyo maana unatoka ukiwa sawa, kisha unaharibikiwa taratibu bila kugusa chochote.

Pili, msuguano. Pale shingo inapokutana na kichwa kuna kipande chenye mifereji sita, nyuzi zinapita humo. Mfereji ukiwa mwembamba au mkavu, uzi hukwama. Ukiuvuta pembeni kwa kidole ili sauti ipande, uzi huchota kidogo kutoka upande wa kichwa. Ukiuachia, hakirudi chote kilichochotwa, na sauti inabaki chini.

Kuzitofautisha ni rahisi. Uzi ukishashuka, usiguse ufunguo. Ubonyeze kwa kidole kule nyuma ya mfereji, kati yake na ufunguo, kisha uachie na upige tena. Sauti ikirudi juu, tatizo ni mfereji. Dalili nyingine ni kuzungusha ufunguo bila sauti kubadilika, kisha ghafla unasikia "ting!" na imeruka. Legeza uzi, utoe mferejini, sugua ncha ya penseli laini ndani ya mfereji, urudishe. Ukiendelea kukwama, mpelekee fundi aupanue kwa tupa ndogo. Usijaribu mwenyewe kwa kisu, maana mfereji ukizidi kina, uzi utagonga freti na itabidi kipande kizima kibadilishwe.

Kama kubonyeza hakubadilishi kitu na uzi si mpya, shuku joto. Gitaa likae kwenye stendi pale jukwaani nusu saa kabla ya kuanza, lipigepige mpaka nyuzi zipate joto la mkono, ndipo ulityuni chini ya taa zilezile.

Usihangaike kununua uzi mnene zaidi ukidhani utasimama imara. Chuma kitupu kikiwa kinene huhitaji nguvu zaidi kufikia G ileile, na kunyooka kwake kunabaki palepale. Kinachosaidia ni uzi wa tatu uliozungushiwa waya kama wa gitaa la mbao, kwa kuwa kiini chake ni chembamba na hunyooka zaidi. Hasara yake ni kwamba kuuvuta kwa kidole ni kazi. Kwa mpiga sebene anayeteleza kwenye freti za juu bila kuvutavuta nyuzi, mimi ningeujaribu.

"Tyuna ya simu inarukaruka tukianza kupiga. Imeharibika?" – Msomaji, Jinja

Nzima kabisa. Inasikia kwa maikrofoni, kwa hiyo inasikia ngoma, besi na mashabiki pamoja na gitaa lako. Ya kubana kichwani mwa gitaa ni bora kwa sababu inahisi mtikisiko wa mbao, ingawa spika ya besi ikiwa karibu itatikisa hata mbao hiyo. Jukwaani penye kelele, tumia ya pedali: inasoma umeme wa pikapu kupitia waya, na ukiikanyaga inanyamazisha gitaa ili watu wasisikie unavyohangaika. Iweke ya kwanza baada ya gitaa, kabla ya pedali nyingine.

Hakikisha imeandika 440. Kitufe kikibonyezwa bahati mbaya ikawa 442, gitaa zima litapishana na kinanda huku taa ya kijani ikikuambia uko sawa. Funika nyuzi nyingine kwa kiganja. Piga kwa nguvu unayopigia shoo, lakini usisome pale pale: uzi ukipigwa kwa nguvu hupanda kwanza, kisha hutulia. Soma ukishatulia. Daima fikia sauti ukitokea chini. Ukipitiliza, shuka zaidi ya inavyotakiwa, kisha panda tena.

"Kanisani kwetu hakuna tyuna, kuna kinanda tu. Naanzaje kwa sikio?" – Msomaji, Arua

Mwombe mpiga kinanda A na aishikilie. Piga uzi wa tano ukitokea chini na sikiliza sauti mbili zikipwita: wau, wau, wau. Kupwita huko ndiko kutofautiana kwenyewe. Uzi ukitikisika mara 108 kwa sekunde na kinanda mara 110, utasikia mipwito miwili kila sekunde. Kaza polepole, mipwito inarefuka, inakuwa mmoja kwa sekunde kadhaa, kisha inapotea. Ikianza tena kuharakisha, umepita. Fanya hivyo kwa kila uzi kutoka kwenye kinanda, usichukue uzi mmoja kutoka kwa mwingine ikiwa kinanda kipo.

"Natyuni kwa sauti za kengele za freti ya 5 na ya 7, zile za kugusa uzi tu bila kuubonyeza, mpaka mipwito inaisha kabisa. Mbona kodi ya G inachacha?" – Msomaji, Kampala

Kwa sababu umefuta mipwito ambayo ilipaswa kubaki kidogo. Freti na kinanda vimegawanya oktavu katika nusu toni 12 zilizo sawa, lakini kengele ya freti ya 7 hukaa takriban senti 2 juu ya mgawanyo huo. Ukienda wa sita, wa tano, wa nne hadi wa tatu, kosa linajikusanya: uzi wa tatu umeshuka karibu senti 6. Na kama uzi wa pili uliuchukua kutoka kwenye kengele ya 7 ya uzi wa sita, huo umepanda 2. Ndani ya kodi ya G nyuzi hizo mbili zinalia pamoja, zikiwa zimeachana senti 8 kupita kiasi.

Kengele ya freti ya 5 ya uzi wa sita kwa uzi wa kwanza ni salama, itumie. Kwa nyingine, bonyeza freti: ya 5 kwenye uzi wa sita, wa tano, wa nne na wa pili, ya 4 kwenye uzi wa tatu. Kila moja inakupa sauti ya uzi unaofuata. Ukimaliza, linganisha tena wa sita na wa kwanza kabla ya kupiga kodi yoyote.

"Nyuzi mpya niziweke siku ya shoo?" – Msomaji, Mbarara

Jana yake. Zungusha kila uzi mara mbili au tatu kwenye ufunguo, uvute taratibu kwa vidole katikati ya shingo, tyuni, vuta tena, mpaka usishuke ukivutwa.