Hamu imekata, lakini nguvu zipo: tatizo liko wapi?

Mwanaume akimwambia rafiki yake kwamba mambo ya chumbani yamekata, ataelekezwa kwa muuza vumbi la Kongo, au ataambiwa ale karanga mbichi na supu ya pweza. Ushauri huo wote unahusu nguvu. Mimi nguvu nilikuwa nazo. Alfajiri niliamka mwili umesimama kama kawaida. Kilichopotea ni hamu yenyewe: mke wangu alikuwa amelala pembeni yangu, nampenda, na sikuwa na haja naye wala na mwanamke mwingine yeyote. Hata mawazo ya tendo hayakuja.

Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyatenganisha ndiyo hatua ya kwanza. Mtu mwenye hamu ambaye mwili haumtii ana tatizo la kusimamisha, na hapo daktari ataanza kuangalia kisukari, presha, mishipa ya damu na hofu. Mtu ambaye mwili unasimama usingizini lakini hamu hana, mishipa na neva zake kwa kawaida zinafanya kazi, na chanzo hutafutwa kwenye akili, homoni, dawa anazotumia na nyumba anayoishi. Kutosimama asubuhi peke yake hakuthibitishi ugonjwa, maana usingizi mbovu nao huleta hali hiyo.

Ndiyo sababu vidonge vya sildenafili havimsaidii mtu kama mimi. Vinafungua njia ya damu pale mwanaume anapokuwa tayari amesisimka; hamu haviwezi kuileta. Unga wa mitishamba unaouzwa mitaani nao una hatari yake, kwa sababu baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimepimwa na kukutwa zimechanganywa na sildenafili bila kuandikwa. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akiimeza bila kujua, presha inaweza kushuka ghafla kiasi cha kumuua.

Daktari wa afya ya akili niliyemwona alichukua karatasi akachora mstari mmoja mrefu. Juu ya mstari akaniambia niandike yaliyotokea maishani, chini yake niandike yaliyotokea mwilini. Juu niliandika: duka la vifaa vya ujenzi kuyumba, mkopo kuchelewa, wadai kupiga simu. Chini, miezi michache mbele, ikafuata: kuamka saa tisa usiku bila kulala tena, chakula kukosa ladha, kuacha kwenda kuangalia mpira na wenzangu, kisha hamu ya tendo kwisha. Akanionyesha kwa kalamu kwamba hamu haikupotea peke yake. Ilipotea pamoja na hamu ya chakula, ya mpira na ya kuongea na watu. Akasema sonona inajulikana hivyo: inachukua raha zote, na tendo la ndoa ni mojawapo. Aliniuliza pia, bila kuzunguka, kama nimewahi kufikiria kujiua. Ukiulizwa swali hilo, jibu ukweli.

Nikaanzishwa fluoksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 kila asubuhi. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Baada ya wiki kadhaa usingizi ulirudi, chakula kikarudi, nikaanza tena kufuatilia ligi. Hamu haikurudi. Tena likaongezeka jambo ambalo halikuwepo awali: tukijaribu, nilichukua muda mrefu mno kufika kileleni, na mara nyingine sikufika kabisa. Niliporudi kliniki na karatasi ile, daktari aliangalia mahali jambo hilo lilipoanzia kwenye mstari. Lilianza baada ya dawa. Fluoksetini na jamii yake, kama sertralini na paroksetini, huongeza kazi ya kemikali iitwayo serotonini kwenye ubongo. Hilo ndilo linaloinua moyo, na hilohilo hupunguza hamu na kuchelewesha kilele kwa watu wengi. Kwa hiyo hamu yangu ilikuwa imezimwa mara mbili: kwanza na ugonjwa, halafu na tiba yake.

Usiache dawa hizi kwa uamuzi wako. Sonona hurudi, na nyingine, hasa paroksetini, ukiziacha ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi mkali. Daktari ana njia tatu: kusubiri kidogo, maana kwa baadhi ya watu athari hupungua, kushusha dozi kama hali inaruhusu, au kubadilisha. Zipo dawa za sonona ambazo haziathiri sana hamu, kama bupropioni na mirtazapini. Mimi nilihamishiwa mirtazapini, inayomezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi, na ambayo ilinifanya nile kupita kiasi. Mabadiliko yalikuja polepole, kwa kuwa fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Kabla ya kubadilisha, nilipimwa damu. Testosteroni, homoni ya kiume, hupimwa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kabla ya kula, kwa sababu hupanda usiku na kushuka mchana. Majibu yakiwa ya chini, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kukata shauri. Ukipimwa saa kumi jioni ukaambiwa homoni zako ziko chini, jibu hilo halitoshi kukuanzishia sindano. Sindano za testosteroni hupunguza uzalishaji wa mbegu, na anayetaka mtoto lazima aambiwe hilo mapema. Kipimo kingine ni cha homoni ya prolaktini. Ikiwa juu sana hukandamiza testosteroni na hamu pamoja, na chanzo chaweza kuwa dawa kama haloperidoli, risperidoni au metoklopramidi ya kichefuchefu, au uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Mwenye maumivu ya kichwa yasiyoisha na macho yasiyoona vizuri pembeni asisubiri. Tezi ya thairoidi nayo hupimwa. Na kama unameza tramadoli, dawa kali ya maumivu, ili uhimili kazi, mtajie daktari, maana dawa za jamii hiyo zikitumiwa muda mrefu hushusha testosteroni.

Nyumbani kulikuwa na jeraha lake. Mke wangu alikuwa amekwisha kuamini kwamba nina nyumba ndogo. Usiku mmoja, taa imezimwa, akaniuliza: "Baba Salma, niambie tu, ni nani?" Nikamwambia, "Mama Salma, hakuna mtu. Mwili wangu haumtaki yeyote, na siyo wewe uliyepungua." Alilia, kisha akauliza maswali mengi, nikayajibu yote. Safari iliyofuata ya kliniki tulikwenda wote.

Huko tukapewa zoezi. Kwa wiki kadhaa tendo lenyewe lilikatazwa kabisa. Tuliruhusiwa kushikana, kukandana mgongo na kulala tumekumbatiana, kwanza bila kugusa sehemu za siri, baadaye nazo zikiruhusiwa, bila sharti la kumaliza. Sababu yake niliielewa nilipoifanya: kila mkono wa mke wangu ulikuwa umegeuka mtihani, nami nilikuwa nakwepa hata kumbatio nisije nikatakiwa kuendelea. Marufuku yalipowekwa, mtihani ukaondoka. Wapo wanandoa ambao zoezi hili huwagomea, hasa pakiwa na kinyongo cha zamani au kipigo ndani ya nyumba. Hao huhitaji mshauri ashughulikie ugomvi kwanza.

Ukienda hospitali, beba karatasi yenye mstari wako, na majina ya kila unachomeza, pamoja na dawa za presha, za kienyeji na zile ulizopewa na rafiki. Mwambie daktari mapema kabisa: "Hamu ndiyo imeisha," au "Hamu ipo, mwili ndiyo haukubali." Usipotaja lipi kati ya hayo, ni rahisi kuandikiwa vidonge vya nguvu ukarudi nyumbani na tatizo lilelile.