Kisumu, Kampala, Kigali: saa inabadilika wapi?

"Natoka Kisumu, nalala Kampala, kisha Kigali. Saa zinanichanganya, nipange vipi matembezi?"

Kampala usihangaike, saa ni ile ile yetu. Ni ukivuka Katuna kuingia Rwanda ndio unarudisha saa moja nyuma, saa tisa yetu Kigali ni saa nane, unaona umepata saa ya bure lakini jua huko linazama karibu saa kumi na mbili, kwa hivyo matembezi weka asubuhi. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni umuganda, siku ya kazi za pamoja za jamii, asubuhi maduka mengi yamefungwa.

Kurudi ndio utabanwa: basi likitoka Kigali saa kumi na mbili asubuhi ya huko na litumie masaa kumi, ile saa ya bure unairudisha, Kampala unafika saa kumi na moja jioni, siku imeisha, usilipie kiingilio popote.